Ukitozwa faini ya mkopo isiyo sawa, andika barua hivi

Mwaka jana nilichelewa siku 9 kulipa malipo ya mwezi wa Juni ya mkopo wangu wa benki. Kosa lilikuwa langu. Lakini mwisho wa Julai nikakuta faini zimefika shilingi 6,916, na mkataba ukinidai 560 tu.

Nilichofanya kwanza ni kuomba stetimenti kamili ya mkopo, si ujumbe wa salio kwenye simu. Kisha nikatafuta kifungu cha faini katika mkataba. Kilisema asilimia 5 ya "malipo yaliyochelewa". Malipo yangu ni 11,200 kwa mwezi, basi faini ni 560. Wao walipiga asilimia 5 juu ya deni zima lililobaki, 78,400, wakapata 3,920.

Kosa hilo likazaa jingine. Nilipolipa 11,200 za Julai kwa wakati, walikata faini yao kwanza, Julai ikaonekana pungufu, wakanitoza tena 2,996. Hapo ndipo wengi wanapopotea: wanaona faini ya pili wakadhani wao ndio waliosahau kulipa. Tazama tarehe ya malipo yako, kisha tazama fedha zilipelekwa wapi.

Barua yangu ilikuwa hii:

"Kwa Meneja wa Tawi,

YAH: OMBI LA KUKOKOTOA UPYA FAINI, MKOPO NAMBARI ...

Nakiri kuwa malipo ya Juni yalichelewa siku 9. Kwa mujibu wa kifungu cha faini cha mkataba wetu, faini ni asilimia 5 ya malipo yaliyochelewa, yaani shilingi 560. Nimetozwa 3,920, na kwa sababu hiyo nikatozwa 2,996 nyingine mwezi wa Julai, ambao niliulipa wote kwa wakati.

Naomba mfute shilingi 6,356 zilizozidi, mrekebishe salio kutoka 62,916 hadi 56,560, na mnipe stetimenti mpya pamoja na hesabu yenu kwa maandishi katika siku 14.

Nimeambatisha kopi ya ukurasa wa mkataba, stetimenti na risiti za Juni na Julai."

Angalia kwamba nimekiri kosa langu na kutaja salio ninalolikubali. Barua inayosema tu "mmenionea" hujibiwa kwa maneno. Yenye hesabu hujibiwa kwa hesabu.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na kutiwa tarehe, ubaki nayo. Benki ikinyamaza au ikikataa, nakala hiyo ndiyo utakayoambatisha ukilalamika Benki Kuu ya Kenya.

Wala usiache kulipa kila mwezi ukingoja jibu. Ukiacha, utachelewa kweli, na faini hiyo itakuwa halali. Mimi niliendelea kulipa 11,200 kwa tarehe yake.