Mwalimu bila matrikule: ahadi ya miaka na listi ya mshahara

Mashariki mwa Kongo, mwalimu kijana akiambiwa «anza kwanza, mshahara utakuja», anarithi desturi yenye historia yake.

Katika miaka ya 1980 serikali ya Zaire iliunda SECOPE, ofisi ya kuhesabu walimu na kuandaa malipo yao. Tangu hapo, kulipwa na serikali kulihitaji matrikule, yaani namba ya mwalimu kwenye listi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, uchumi ulipoanguka na walimu wakagoma, wazazi walikubali kuwalipa motisha ili shule zifunguliwe. Mpango wa muda ukageuka mazoea. Shule ziliweza kuajiri walimu wapya bila kungoja Kinshasa, na kufundisha bila matrikule kukawa njia ya kawaida ya kuingia kazini.

Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ikawa bure. Motisha ya wazazi ikafutwa rasmi. Wenye matrikule waliokuwa wakilipwa waliendelea kupokea mshahara. Wale wanaoitwa «NU», wasio kwenye listi, walibaki na chaki tu. Wengine waliingizwa baadaye, wengine wangali wanangoja. SECOPE sasa inaitwa DINACOPE, lakini mlango ni uleule.

Mlango huo haupimwi kwa miaka ya kujitolea. Serikali hulipa nafasi iliyokubaliwa katika shule iliyokubaliwa. Chukua mfano wa shule yenye madarasa 6 yanayolipwa. Wakimbizi wa ndani wanafika, wanafunzi wanajaa, mkuu wa shule anafungua madarasa 2 ya ziada. Mwalimu wa kwanza anapewa darasa ambalo mwenye nafasi amestaafu. Wa pili anapewa darasa la ziada. Wote wanafundisha saa zilezile, na wote wana diploma ya serikali. Lakini wa kwanza anaingia mahali ambapo nafasi ipo tayari, na faili lake linatafuta kubadilisha jina tu. Wa pili anangoja serikali ikubali darasa lenyewe kwanza, na wanafunzi wakirudi makwao, darasa linaweza kufungwa pamoja na matumaini yake.

Ndiyo maana wanaoijua kazi hii huuliza kabla ya kushika chaki: Shule ina hati ya kukubaliwa na serikali? Darasa hili limo katika hesabu ya yale yanayolipwa? Nani alikuwa hapa kabla, na alitokaje? Kisha wanadai barua ya kupangiwa kazi iliyosainiwa na msimamizi wa shule, si na mkuu wa shule peke yake, na wanabaki na kopi pamoja na cheti cha kuanza kazi. Hata hivyo faili safi linaweza kukaa miaka.

Mkuu akijibu «tutaona», bila karatasi, hiyo si nafasi. Ni msaada kwa watoto, na mwalimu aamue akijua hivyo.