Fitri ya mchele imetoka wapi?

Mwisho wa mwezi mama anapima mchele nyumbani, pishi kwa kila kichwa, hata mtoto aliyezaliwa juzi. Hebu jiulize: mchele huu umetajwa wapi? Katika Qur'ani haumo. Na katika hadithi mashuhuri za zakatul fitri pia haumo! Ibnu Umar (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifaradhisha swaa moja ya tende au swaa moja ya shayiri. Abu Said al-Khudri (R.A.) naye anataja zabibu kavu na maziwa yaliyokaushwa yakawa magumu. Hivyo ndivyo vyakula vya Madina. Swaa ni vibaba vinne, na ndiyo sisi watu wa pwani tunaiita pishi, kama kilo mbili na nusu za mchele.

Sasa, kwamba fitri ni wajibu, hapo hapana mvutano mkubwa. Ibnu al-Mundhir, aliyekusanya masuala waliyoafikiana wanazuoni, ameitia katika ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni. Lakini ijmai haikutaja mchele. Hapo ndipo inapoingia kiyasi. Neno lenyewe unalijua, ndilo hili "kiasi" tunalotumia dukani: kupima kitu kwa kitu.

Imamu Shafii, ambaye watu wa pwani yetu wengi wanafuata madhehebu yake, alizaliwa mwaka 150 Hijria na kufariki Misri mwaka 204 (820 Miladia). Katika kitabu chake Ar-Risala alipanga safu: Qur'ani, Sunna, ijmai, kisha kiyasi. Na kiyasi si kubahatisha. Lazima uonyeshe illa, yaani ile sababu iliyofungwa hukumu, kisha uthibitishe kuwa imo pia katika kitu kipya.

Basi tuitafute illa ya fitri. Je, ni kuwa vyote ni matunda? Hapana, shayiri si tunda. Ni nafaka? Tende si nafaka. Ni mazao ya shamba? Mbona basi maziwa makavu yamo, nayo yanatoka kwa mnyama! Ukiondoa moja moja hivi, linabaki jambo ambalo vyote vinashiriki: ni chakula ambacho watu wanaishi nacho na wanakiweka akiba. Maulamaa wa Kishafii wakasema illa ni hiyo, na kinachotolewa ni chakula kikuu cha mji. Mchele unaingia, mahindi yanaingia. Maembe je? Msimu wake tunayala asubuhi na jioni, lakini hakuna mji unaoishi kwa maembe, wala hayakai. Hayaingii.

Usidhani wote walikubali. Ibnu Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 456 Hijria, alikataa kiyasi chote. Kwake yeye ni tende na shayiri tu, basi. Mimi naona msimamo huo una uzito kwake, maana amesimama na matamshi ya hadithi, lakini fikiria mtu wa nchi isiyo na mtende wala shayiri.

Hata Maswahaba walitofautiana katika kupima. Muawiya (R.A.) alipokuja Hija au Umra akiwa khalifa, alisema juu ya mimbari kwamba anaona vibaba viwili vya ngano ya Shamu ni sawa na swaa ya tende. Watu wakalichukua. Abu Said akasema yeye ataendelea kutoa kama alivyokuwa akitoa, maisha yake yote. Tazama: watu wengi wamekubali, lakini Swahaba mmoja amepinga. Kwa wanazuoni wengi hiyo si ijmai tena, kwa sababu ijmai inataka wote wenye elimu ya kutoa hukumu wawe pamoja, si wengi wao. Ndiyo maana Abu Hanifa akatosheka na nusu swaa ya ngano, na Shafii akataka swaa nzima, bila ya yeyote kuambiwa amevunja ijmai.

Na pesa? Abu Hanifa alitazama shida ya maskini, akaona thamani inatosha. Wanazuoni wa Kishafii wakasema hii ni ibada, na aina na kipimo vimetajwa, kwa hivyo kiyasi kinakupeleka kwenye chakula kingine, hakikutoi nje ya chakula. Ukiwafuata hao, na mji wako unakula wali na ugali sawasawa, chagua unachotaka, ingawa kilicho bora zaidi ndicho kinachopendeza. Kitoe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali Idi.