Nilianza na kuku, nikaizika Kaya Fungo

Wasee, leo najikosoa mwenyewe. Juzi niliandika habari fupi kuhusu vita vya Wagiriama vya 1914. Nilidhani imeshiba. Halafu nikaanza kusoma komenti, karibu zote ni za kuku! Hakuna hata mmoja aliyetaja Kaya Fungo, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Kosa halikuwa lao. Rasimu yangu ilifuata kalenda. Aya ya kwanza ilikuwa kuku na vifaranga wake, kile kisa ambacho wazee husimulia kuhusu Mekatilili wa Menza na ofisa Mwingereza Arthur Champion. Ya pili ilikuwa kodi ya nyumba na vijana kutakiwa kwenda kufanya kazi za wakoloni. Ya tatu, ngoma ya kifudu na viapo. Ya nne, Mekatilili kukamatwa 1913 na kupelekwa Kisii. Ya tano, kutoroka na kurudi nyumbani. Ya sita, chini kabisa, ndipo Kaya ilipolipuliwa. Aliyeishia aya ya pili aliondoka na kuku tu.

Waandishi wa habari wana dawa ya hili, wanaiita piramidi iliyogeuzwa: zito juu, jepesi chini. Mfano unaotajwa sana ni wa usiku wa 14 Aprili 1865, Rais Lincoln alipopigwa risasi. Mwandishi Lawrence Gobright alituma telegramu fupi kutoka Washington ikisema rais amepigwa risasi akiwa kwenye jumba la maonyesho na huenda asipone. Hakuanza na mchezo uliokuwa jukwaani. Lakini tusidanganyane kwamba telegrafu ilibadilisha kila kitu usiku mmoja. Magazeti mengi yaliendelea kusimulia kuanzia mwanzo, na mtindo huu ulikuja kukaa vizuri kuelekea karne ya 20. Ulimfaa pia mhariri: nafasi ikipungua, anakata kutoka chini bila kuua habari.

Basi nikarudi kwa rasimu. Nilijiuliza: kama ningepewa sentensi moja tu, ningesema nini? Nikaandika:

"Kaya Fungo, kituo kitakatifu cha Wagiriama, ililipuliwa Agosti 1914."

Nikaisoma tena, nikaona kasoro. Ililipuliwa na nani? Sentensi kama hiyo inamficha mtendaji, kana kwamba kaya ilijilipukia. Nikaandika upya:

"Agosti 1914, serikali ya kikoloni ya Uingereza ililipua Kaya Fungo, kituo kitakatifu cha Wagiriama, ili kuvunja upinzani wao dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa."

Hapo kuna nani, nini, lini na kwa nini. Aya ya pili nikaweka kilichofuata: mapigano, na amri ya Wagiriama kuondoka kaskazini mwa mto Sabaki. Ya tatu, Mekatilili: alikuwa nani, alikamatwa lini, alirudije. Ya nne, kifudu na viapo. Kuku akashuka mwisho, na nikasema wazi kwamba ni simulizi ya wazee.

Ila kuhamisha aya si kukata na kubandika tu. Aya ya Kaya ilikuwa inaanza na "Baada ya hayo, wakaamua kumkomoa." Ikiwa juu, "hayo" ni yapi? "Wakaamua" ni akina nani? Kila jina linapotokea mara ya kwanza lazima lijitambulishe upya. Mtego mwingine ni mbaya zaidi: ukiweka kuku karibu na mlipuko, msomaji ataamini Kaya ililipuliwa kwa sababu ya kuku. Mpangilio wenyewe unadai sababu hata kama wewe hujaidai.

Kipimo changu ni rahisi. Funika aya ya mwisho kwa kidole, usome. Kisha funika inayofuata kutoka chini. Habari bado inasimama? Rasimu ya kwanza ilikufa nilipofunika aya moja tu. Hii mpya ilibaki hai hadi sentensi ya kwanza.

Najua kuna watakaosema nimeua utamu. Ni kweli kidogo. Piramidi haijui kujenga hamu, na ukitaka watu waelewe jinsi hasira ilivyokua kutoka 1913 hadi 1914, simulia kwa mfuatano, lakini liite hadithi ndefu na ulipe nafasi yake. Habari fupi ya kusomwa kwenye simu ndani ya matatu ya Kilifi kwenda Malindi ni kitu kingine. Abiria akishuka njiani, kuku anaweza kumkosa. Aliyelipua Kaya Fungo, hapana.