Sifuri ya upande wa kulia

Mtaani sifuri maana yake hakuna kitu. Kwa mhandisi wa mifumo ya udhibiti, sifuri ni mahali: ni thamani ya s inayofanya kiasi cha sehemu kiwe 0. Ncha ndiyo thamani inayofanya asili iwe 0.

Chukua G(s) = 2(1 − s)/((s + 1)(s + 2)). Ncha zake, −1 na −2, zote ziko kushoto, kwa hiyo mfumo ni thabiti. Ingizo likipanda ghafla kutoka 0 hadi 1, tokeo hutulia kwenye 1, na ncha ya −1 ndiyo inayoamua litachukua muda gani: hapa kama sekunde 5.

Sifuri iko +1, kulia. Haivunji uthabiti, ila huharibu mwanzo:

y(t) = 1 − 4e^(−t) + 3e^(−2t)

Tokeo hushuka kwanza hadi −1/3, kwenye sekunde 0.4 hivi, ndipo lianze kupanda. Waendeshaji wa boila wanaijua tabia hii. Ukiongeza maji ya baridi, viputo vya mvuke husinyaa na kina cha maji huonekana kupungua kabla ya kuongezeka.

Kishawishi ni kuifuta sifuri hiyo kwa kuweka ncha ya +1 kwenye kidhibiti. Kwenye karatasi zinafutana vizuri kabisa, na tokeo linapendeza. Lakini ishara inayotoka kwenye kidhibiti inakua kwa e^t, mpaka vali ifike mwisho wake.