Kichakataji Kisicholala: Mipaka ya Kukidhibiti

Kompyuta mpakato ya ofisini inapozimwa ikiwa bado kwenye umeme, si kila kilichomo ndani yake huzimika. Katika mashine za Intel, kichakataji kidogo kiitwacho ME, kilicho ndani ya chipu ya bodi mama, kinaweza kubaki kazini. Tangu toleo la 11 kina mfumo endeshi wake uliojengwa juu ya Minix. Katika mashine za kibiashara hubeba pia huduma ya AMT, inayomwezesha fundi aliye mbali kuwasha kompyuta na kuona skrini yake.

Mei 2017 ilitangazwa kasoro CVE-2017-5689. AMT ililinganisha jibu la nywila kwa `strncmp`, lakini urefu wa kulinganisha iliuchukua kwenye jibu la mgeni mwenyewe. Aliyetuma jibu tupu alipimwa kwa herufi sifuri, akaonekana sahihi na kuingia kama `admin`. Matoleo ya 6 hadi 11.6 yaliathirika.

Kosa hilo lilirekebishwa. Lisilorekebishika ni mahali lilipotokea: kadi ya mtandao huipa ME vifurushi vya AMT kabla mfumo endeshi haujaviona, kwa hiyo faiwoli ya Windows au Linux haina la kufanya. Ukaguzi nao ufanywe kutoka mashine nyingine:

```
nmap -p 16992-16995,623,664 192.168.1.20
```

Mlango 16992 au 16993 ukiwa wazi, yaelekea AMT imewashwa. Izime kwenye menyu ya MEBx, ubadilishe nywila ya kiwandani, ambayo kwa kawaida ni `admin`, kisha uzuie milango hiyo kwenye ruta. Nywila hiyo ikiachwa, mtu anayeishika kompyuta kwa dakika chache anaweza kujiwashia AMT mwenyewe.

Wapo wanaotaka kuing'oa ME kabisa. Ukiifuta yote, mashine nyingi hujizima baada ya dakika 30. Programu ya `me_cleaner` hubakisha sehemu za kuwashia tu. Njia nyingine ni biti ya HAP, waliyoigundua watafiti wa Positive Technologies mwaka 2017, inayoisimamisha ME mara baada ya hatua za mwanzo. Hata hivyo kasoro za hatua hizo hubaki, na kuandika upya chipu bila nakala ya akiba kunaweza kuiua bodi. Kwa taasisi ya kawaida naona kuzima AMT na kusakinisha masahihisho kunatosha.

Kwenye seva, anayesimamia ni BMC, na hali ni mbaya zaidi. Itifaki ya IPMI 2.0 humpa yeyote anayetaja jina sahihi la mtumiaji heshi ya nywila kabla hajathibitishwa. Huo ni muundo wa itifaki, hauna kiraka. BMC ikae kwenye mtandao wake, ifikiwe kwa VPN tu. Tena, baadhi ya bodi zikikosa waya kwenye tundu la usimamizi huhamishia BMC kwenye tundu la kawaida la mtandao. Kagua mpangilio huo na uchague `Dedicated`.