Ulinzi wa Amani: Ridhaa ya Nchi Mwenyeji na Mipaka ya Matumizi ya Nguvu

Tarehe 24 hadi 26 Machi, 1979, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, wakaunda chama cha mseto cha UNLF kilichoongozwa na Profesa Yusuf Lule. Kampala ilipotwaliwa tarehe 11 Aprili, chombo hicho ndicho kilichounda serikali, na kwa ridhaa yake askari wa Tanzania walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Hawakuwa walinda amani, kwa kuwa hawakuwa na azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Msingi wao ulikuwa ridhaa pekee, na ridhaa ya serikali iliyoingia madarakani kwa msaada wa askari hao hao haikukosa wa kuihoji.

Walinda amani wa Umoja wa Mataifa huhitaji vyote viwili: ridhaa ya nchi mwenyeji na azimio linaloeleza majukumu yao. Nguvu hutumika tu katika kujilinda au kulinda majukumu hayo. Kwa hiyo, kundi lenye silaha likizuia msafara wa kikosi au kushambulia raia ambao kikosi kimeagizwa kuwalinda, kamanda anaweza kujibu kwa silaha bila kuomba ridhaa ya kundi hilo. Ridhaa inayohesabiwa hapa ni ya serikali.

Azimio namba 2098 la tarehe 28 Machi, 2013 lilivuka mpaka huo. Liliunda ndani ya MONUSCO, huko Kongo, brigedi maalumu ya askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiwa na vikosi vitatu vya askari wa miguu na kimoja cha mizinga. Brigedi iliruhusiwa kuanza yenyewe mashambulizi dhidi ya makundi yenye silaha, pamoja na jeshi la Kongo au peke yake. Baraza liliweka bayana kwamba hatua hiyo si kielelezo cha kufuatwa kwingineko. Mwezi Novemba mwaka huo, waasi wa M23 walitangaza kusitisha uasi.

Hata hivyo, ridhaa ya serikali inaweza kufifia bila kuondolewa rasmi. Mapema mwaka 2015, operesheni ya pamoja dhidi ya FDLR ilikwama baada ya Umoja wa Mataifa kukataa kushirikiana na majenerali wawili wa Kongo waliotuhumiwa kukiuka haki za binadamu. Serikali ilianza operesheni bila MONUSCO. Azimio halikubadilika hata neno, lakini brigedi ilipoteza mshirika wake wa vita.

Hatari kwa askari haikupungua. Tarehe 7 Desemba, 2017, kambi ya Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa.

Mwaka 2023 Kongo iliomba MONUSCO iondoke, na Desemba mwaka huo Baraza likaridhia kikosi kiondoke kwa awamu. Awamu ya kwanza, ya Kivu Kusini, ilikamilika Juni 2024.