Hita ya Maji ya Jua: Mabomba na Mzunguko Wake

Hita ya maji ya jua ni mtambo unaopasha maji moto kwa mwangaza wa jua, na sehemu zake kuu ni mbili: paneli, yaani sanduku pana lililofunikwa kwa kioo ambalo ndani yake mna bamba jeusi lililoshikamana na mabomba membamba ya shaba, na tangi lililovikwa sufi ya kuzuia joto lisipotee, ambamo maji ya moto hukaa mpaka yatakapohitajiwa. Makala haya yanahusu mabomba yanayounganisha sehemu hizo mbili, pamoja na yale yanayotoka tangini kwenda juu na nje. Kwani mtambo wa namna hii aghalabu hushindwa kazi, au huwadhuru wenye nyumba, kwa sababu ya bomba lililopitishwa pasipostahili, na mara chache kwa sababu ya paneli yenyewe.

Mabomba hayo yote hutawaliwa na tabia moja ya maji, nayo ni kutanuka yapatapo joto. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20 za sentigredi ina uzito wa gramu 998, na ikijazwa maji ya nyuzi 60 huwa na gramu 983 tu. Kutokana na tafauti hiyo ndogo hutoka mambo mawili: la kwanza ni la manufaa, kwamba maji ya moto, kwa wepesi wake, hupanda juu yenyewe na ya baridi hushuka kushika nafasi yake, la pili ni la hatari, kwamba maji yaliyofungiwa katika chombo kisicho na upenyo, yapashwapo moto, hutafuta nafasi zaidi, na kwa kuwa maji hayakubali kushindiliwa, hukisukuma chombo hicho mpaka kipasuke.

Jambo la kwanza ndilo lililotumiwa na William J. Bailey wa California alipotenga tangi na paneli mnamo 1909, akaliweka tangi juu ya paneli na kuyaacha maji yazunguke yenyewe mchana kutwa. Mpango huo, unaoitwa mzunguko wa asili, ndio unaoonekana hata leo juu ya mapaa mengi ya Nairobi, Arusha na kwingineko. Bomba la baridi hutoka chini ya tangi na kuingia pembe ya chini ya paneli. Bomba la moto hutoka pembe ya juu ya upande wa pili, ili maji yapite paneli yote kwa mshazari, na kupanda hadi tangini.

Nguvu inayoendesha mzunguko huu ni ndogo mno, na asiyeufahamu udogo wake hawezi kuyapitisha mabomba yake sawasawa. Tuseme kati ya katikati ya paneli na katikati ya tangi mna kimo cha mita moja, na bomba la moto lina nyuzi 60 na la baridi nyuzi 30: msukumo unaopatikana hauzidi ule wa maji yenye kina cha milimita 12. Kwa nguvu hiyo maji sharti yashinde msuguano wa kila kona na kila koki, ndiyo maana mabomba ya mzunguko wa asili huwa manene na mafupi, na kona zake chache.

Fauka ya hayo, bomba la moto lazima lipande kutoka paneli hadi tangi bila ya kushuka mahali popote, hata kwa upana wa kidole. Maji yapatapo joto huiachia hewa iliyoyeyuka ndani yake, nayo hukusanyika mahali palipoinuka kabla ya bomba kushuka tena, ikawa kizuizi ambacho msukumo wa milimita 12 hauwezi kukiondoa. Fundi hulitambua jambo hilo kwa mkono, mchana wa jua kali: mtambo ukiwa mzima, bomba la juu huwa la moto tangu paneli hadi tangi, na la chini huwa baridi au vuguvugu, hewa ikiwa imeziba, bomba la juu huunguza karibu na paneli, kisha baada ya kona fulani huwa baridi, na tangi halipati kitu. Dawa yake si kubadilisha paneli, kama wafanyavyo wengine kwa gharama kubwa, bali ni kulinyoosha bomba.

Usiku mambo hugeuka. Paneli hupoa kuliko tangi, na kama tangi limewekwa chini mno, maji ya moto huanza kuzunguka kinyume na kupotezea angani joto la mchana mzima. Kwa hiyo chini ya tangi huinuliwa walau sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli. Mwenye nyumba anayelala na maji ya moto akaamka na ya baridi, ilhali hakuna aliyeoga usiku, na akagusa alfajiri bomba la juu akalikuta lina joto, amekwisha kuupata ugonjwa wa mtambo wake.

Mzunguko wa pampu hutumiwa pale ambapo tangi haliwezi kuwekwa juu ya paneli, ama kwa sababu paa halihimili uzito, ama kwa sababu jengo ni kubwa, kama hoteli au hospitali. Hapo kidhibiti hulinganisha joto la paneli na la chini ya tangi, kikaiwasha pampu paneli ipitapo kwa nyuzi 6 hadi 10 hivi, na kuizima tafauti ipunguapo. Na vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma huzuia mzunguko wa usiku. Kwa kuwa pampu ndogo husukuma maji mita kadhaa juu, mabomba yaweza kuwa membamba na kupita yatakapo, walakini tangi na paneli sasa vinategemea umeme. Umeme ukikatika saa saba mchana, maji yaliyosimama katika paneli huchemka, na katika mzunguko uliofungwa mvuke huo hauna pa kwenda illa katika chombo cha kupokea utanukaji, na kikishindwa, katika vali ya usalama. Kwa nyumba ya watu watano au sita penye nafasi juu ya paa, mwandishi haoni sababu ya kuchagua pampu.

Sasa tuliendee jambo la pili. Maji yanayotanuka hupewa njia kwa namna mbili: ama mtambo huachwa wazi juu kwa bomba la kupumulia, ama hufungwa na kulindwa kwa vali ya usalama. Tuchukue nyumba ya Nairobi yenye tangi la moto la lita 200, inayopata maji kutoka tangi la baridi lililo juu zaidi, na uso wa maji katika tangi hilo uko mita 3 juu ya mahali bomba la baridi linapoingia chini ya tangi la moto. Maji hayo yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa lita 3. Wengi hudhani lita hizo hutoka kwa bomba la kupumulia, lakini sivyo: hurudi kwa bomba la baridi lililoyaleta, na tangi la baridi lenye kipenyo cha mita moja huinuka uso wake kwa milimita 4, asijue mtu. Ndiyo maana katika mtambo wa wazi hairuhusiwi kutia vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma katika bomba hilo.

Bomba la kupumulia lina kazi nyingine: hutoa hewa na mvuke, na tangi linapomwagwa huingiza hewa, ili kuta zake zisivutwe ndani zikabonyea. Hutoka juu kabisa ya tangi la moto, hupanda moja kwa moja bila koki yoyote, kisha mdomo wake huinama juu ya tangi la baridi pasipo kugusa maji. Kimo chake kina kanuni: juu ya uso wa maji baridi liongezwe milimita 150, na milimita 40 kwa kila mita ya kimo cha mtambo. Kwa nyumba yetu ni 150 na 120, yaani milimita 270. Sababu yake yatokana na utanukaji ule ule: nguzo ya maji baridi yenye mita 3 husawazishwa na nguzo ya maji ya nyuzi 90 yenye mita 3 na sentimita 10, kwa kuwa ya moto ni mepesi. Bomba likipita uso wa maji baridi kwa sentimita 5 tu, siku ya jua kali maji ya moto yatamwagika kwa mdomo wake mfululizo. Nairobi, kwa urefu wake juu ya bahari, maji huchemka takriban nyuzi 94, basi mtambo wa wazi hauwezi kupita joto hilo kwa kiasi kikubwa, hata jua liwe kali namna gani.

Hatari kubwa huzaliwa pale mwenye nyumba anapotaka bafu lenye maji ya nguvu. Hununua pampu ya kuongeza shinikizo, fundi huiunga katika bomba la baridi, na mara maji hububujika kwa bomba la kupumulia, kwa kuwa shinikizo jipya limepita kimo chake. Fundi asiyefahamu huona bomba lina kasoro, hulifunika kwa kifuniko cha chuma, na maji huacha kumwagika. Lakini pampu ile ina vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma, basi njia zote mbili zimezibwa siku moja, na lita 3 za kila mchana hazina pa kwenda. Maji yaliyofungwa hivyo yaweza kupita joto la kuchemka pasipo kuchemka, na tangi lipasukapo sehemu yake hugeuka mvuke kwa ghafla, nao hutaka nafasi mara 1,600 na zaidi ya ile ya maji. Ajifungiaye mtambo wake sharti siku hiyo hiyo atie vali ya usalama, na ahakikishe kwamba tangi lenyewe liliundwa kuhimili shinikizo.

Vali iliyo bora hufunguka kwa sababu mbili, shinikizo lifikapo kiwango kilichochongwa juu yake, au joto la maji likaribiapo nyuzi 100. Kwa hiyo ncha yake yenye kuhisi joto hutiwa karibu na kilele cha tangi, yalipo maji ya moto kuliko yote. Kati yake na tangi pasiwe na koki. Bomba la kutolea lisiwe jembamba kuliko tundu la vali, liwe la chuma, literemke wakati wote, na mdomo wake uwe wazi mahali panapoonekana na pasipopita watoto.

Vali inayodondosha maji husema kwa saa zake. Ikidondosha kuanzia saa nne asubuhi na kukoma jioni, ni utanukaji wa kawaida usio na chombo cha kuupokea, na dawa ni kutia chombo hicho. Ikidondosha usiku, shinikizo la bomba la mji limezidi, na hapo hutiwa kipunguza shinikizo. Ikidondosha usiku na mchana bila kukoma, chokaa au mchanga umekaa katika kikalio chake, jambo la kawaida katika visima vya mwambao vilivyochimbwa katika matumbawe. Wenzo wake huinuliwa kidogo ili maji yausukume uchafu, na isipokoma hubadilishwa. Wenzo huo huinuliwa kila baada ya miezi kadhaa hata pasipo dalili, maana vali iliyogandishwa na chokaa haidondoshi hata tone moja, na kwa macho haina tafauti na iliyo nzima.